MAPE inawapenda wenye rafu tupu

Wasomaji wangu, leo nina ugomvi na kipimo kimoja. Kila programu ya duka ninayoandika, mteja huniambia: "Weka utabiri wa mahitaji, na utuonyeshe MAPE. Ikishuka, tumeshinda." Jamani, hapana! MAPE inaweza kushuka huku wateja wanageuka mlangoni mikono mitupu.

Tuanze na hesabu yenyewe. MAPE ni wastani wa makosa kwa asilimia. Unachukua tofauti kati ya mauzo na utabiri, bila kujali imeelekea juu au chini, unagawa kwa mauzo, kisha unatafuta wastani wa asilimia hizo. Inaonekana haina hatia. Shida iko hapo kwenye kugawa.

Chukua duka la mjini lenye siku ya soko Ijumaa. Unga wa kilo 2 huletwa Jumatatu na Alhamisi. Mzigo wa Jumatatu hutakiwa pakiti 20, wa Alhamisi pakiti 60, wiki baada ya wiki. Nimezungusha tarakimu ili tuone vizuri.

Mtabiri wa kwanza anatumia wastani unaosogea wa vipindi viwili. Anajumlisha 20 na 60, anagawa kwa mbili, anapata 40 kila mara. Jumatatu amezidisha 20, yaani kosa la asilimia 100. Alhamisi amepunguza 20, asilimia 33. MAPE yake ni 67.

Wa pili anatumia ulainishaji wa kieksponenti. Utabiri mpya ni alfa mara mauzo ya mwisho, ongeza (1 - alfa) mara utabiri uliopita. Akiweka alfa 0.5, hesabu inatulia hivi: Alhamisi anatabiri 33, Jumatatu 47. Umeona? Anafuata mauzo ya jana, na jana hapa ni kinyume cha leo. MAPE yake ni 89.

Wa tatu ni mvivu. Anaandika 20 kila siku, akalale. Jumatatu kosa ni sifuri, Alhamisi ni asilimia 67. MAPE yake ni 33. Huyu ndiye bingwa!

Sasa hesabu pakiti. Wa kwanza na mvivu wote wamekosea pakiti 20 kwa wastani. Lakini makosa ya wa kwanza yanafidiana, ya mvivu yote yanaelekea chini, na duka linakosa pakiti 40 kila wiki. MAPE imempa zawadi kwa sababu ukitabiri chini, kosa haliwezi kupita asilimia 100, hata ukiandika sifuri. Ukitabiri juu halina mwisho. Na siku ambayo hakuna kilichouzwa, unagawa kwa sifuri na programu inaanguka.

Kuna baya zaidi. Duka likiagiza pakiti 20 siku ya soko, litauza 20. Kompyuta itaandika mauzo 20, utabiri 20, kosa asilimia 0. Wale 40 waliokosa unga hawamo kwenye hifadhidata. Kesho hata wastani unaosogea utajifunza kwamba mahitaji ni 20. Utabiri mbovu umejitengenezea ushahidi wake wenyewe, na bosi anapongeza ripoti.

Kwa hivyo nataka nini? Kwanza, pima kosa lote kwa mauzo yote, na uonyeshe mwelekeo wa kosa pembeni yake:

```python
kosa = sum(abs(m-u) for m,u in d) / sum(m for m,u in d)
mwelekeo = sum(u-m for m,u in d) / len(d)
```

Hapo m ni mauzo, u ni utabiri. Wa kwanza na mvivu wote wanapata kosa la 0.5, lakini mwelekeo wa mvivu ni -20, wa mwenzake ni 0. Siri imefichuka.

Pili, rekodi saa bidhaa ilipoisha. Siku ambayo rafu ilikauka, mauzo si mahitaji, na isiingie kwenye hesabu ya kosa kama siku ya kawaida.

Tatu, usilaumu alfa kabla ya kutazama kalenda. Tenga Jumatatu na Alhamisi ziwe mifululizo miwili, kisha lainisha kila mmoja peke yake. Katika mfano huu hata wastani wa kawaida utapata 20 na 60 sawasawa. Soko likianza kukua, alfa itafuata ukuaji huo badala ya kukimbizana na siku za wiki.

Ukiletewa MAPE nzuri, uliza swali moja tu: rafu ilikuwa tupu siku ngapi? Asiyejua hilo bado hajapima utabiri wake.