Mhandisi, kabla ya kuandika barua ya kazi ya majuu, andika kwanza ulichofanya

Madeni ya serikali kwa wanakandarasi yalisimamisha barabara nyingi humu nchini. Ilibidi sehemu ya ushuru wa matengenezo ya barabara, Sh7 kwa kila lita ya mafuta, iwekwe rehani ili pesa zipatikane na matingatinga yarudi kazini. Wakati huohuo serikali inawahimiza vijana watafute ajira nje ya nchi. Kati ya mambo hayo mawili amesimama mhandisi kijana ambaye saiti yake ilifungwa. Shahada anayo na uzoefu anao, lakini barua zake za kuomba kazi hazijibiwi.

Huenda wewe ni mmoja wao. Kabla hujalaumu viza au rangi ya pasipoti, hebu tuitazame barua yenyewe.

Tuchukue mfano wa mhandisi wa barabara wa miaka 29 anayeomba kazi ya mhandisi wa saiti nchini Saudi Arabia. Barua inatakiwa iwe ya Kiingereza. Kwanza ameandika muhtasari wa kazi yake kwa Kiswahili, jinsi angemsimulia rafiki: “Tulijenga barabara ya kilomita 18. Mimi nilikuwa nasimamia kazi ya udongo na kokoto, napima ushindiliaji, naandika ripoti. Halafu kazi ikasimama.”

Ni wazo zuri, maana kwa lugha anayoongea kila siku mtu hujisemea ukweli bila kutafuta maneno makubwa. Shida huanza anapougeuza muhtasari huo neno kwa neno. Kiswahili cha saiti huachia msikilizaji ajaze mapengo, na rafiki yako huyajaza kwa sababu anakujua. Mwajiri wa Riyadh hakujui.

Anza na hilo neno “nasimamia”. Kwetu, anayewapanga vibarua asubuhi anasimamia. Anayekagua kazi ya mwanakandarasi kwa niaba ya mwenye mradi naye anasimamia, sawa na anayeshika bajeti ya mradi mzima. Kwa Kiingereza hizo ni kazi tatu zenye majina tofauti na mishahara tofauti. Katika mikataba ya ujenzi, anayejiita msimamizi wa kazi huchukuliwa mara nyingi kuwa upande wa mhandisi mshauri, chini ya mhandisi mkazi. Mhandisi wetu alikuwa ameajiriwa na mwanakandarasi. Akichagua neno lisilofaa, atakuwa amedai cheo ambacho hakuwa nacho bila hata kukusudia. Kwenye mahojiano ataulizwa ni vyeti gani vya malipo alivyoidhinisha, na hapo atakwama. Dawa yake ni sentensi moja inayosema aliajiriwa na nani, aliripoti kwa nani, na wangapi waliripoti kwake.

Neno la pili ni “tulijenga”. Adabu yetu inapenda “sisi”, kwa kuwa kujisifu peke yako ni aibu. Lakini barua haiajiri kikosi kizima. Acha “sisi” kwenye ukubwa wa mradi, yaani zile kilomita 18, kisha useme kilichopita mikononi mwako. Kama ulishika kilomita 6, andika 6. Kilomita 6 unazoweza kuzieleza mita kwa mita zina nguvu kuliko 18 ulizozipitia ndani ya pikapu.

Sasa tuje kwa “napima ushindiliaji”. Hapa ndipo barua inapozaliwa au kufa. Muulize, ulipima mara ngapi? Anafungua shajara yake ya saiti na kuhesabu vipimo 240 katika tabaka la chini la msingi. Mkataba ulitaka msongamano usiopungua asilimia 95 ya ule wa juu kabisa uliopatikana maabara. Vipimo 31 vilianguka.

Wengi wangelificha hilo. Kumbe ndilo la maana zaidi! Katika vipimo 160 vya kwanza vilianguka 28. Alipolinganisha tarehe aliona kwamba vingi vilianguka siku ambazo gari la maji lilimwaga kupita kiasi, au asubuhi baada ya mvua. Udongo wenye maji mengi haushikani hata rola ipite mara ngapi. Maji hujaza nafasi ambayo chembe za udongo zingeingia, na tabaka hucheza chini ya gurudumu kama godoro. Akaanza kupima unyevu kabla rola haijaanza kazi, na tabaka lililolowa likaachwa likauke kwanza. Katika vipimo 80 vilivyofuata vilianguka 3 pekee.

Aya ya kati ya barua yake ya Kiingereza basi inapaswa kubeba maana hii: “Nikiwa mhandisi wa saiti wa mwanakandarasi, nilishika kilomita 6 za barabara ya kilomita 18. Vipimo 28 kati ya 160 vya ushindiliaji vilipoanguka, niligundua kuwa chanzo ni unyevu, nikaanzisha upimaji wa unyevu kabla ya kushindilia. Katika vipimo 80 vilivyofuata vilianguka 3.” Hakuna neno hata moja la kujisifu hapo, lakini mhandisi yeyote akisoma atajua anaongea na mwenzake.

Limebaki “kazi ikasimama”. Msomaji wa mbali akiona pengo la miezi 14 atadhani ulifutwa. Usiliache pengo hilo wala usilitungie hadithi. Sentensi moja yatosha: mradi ulisimamishwa mwezi fulani kwa sababu ya kuchelewa kwa malipo ya mwenye mradi, na tangu hapo umefanya hili na hili. Usimtukane mwanakandarasi hata kama ana mishahara yako. Ukimsema vibaya mwajiri wa jana, wa kesho atajiona ndiye anayefuata.

Kuhusu cheo, hapa nyumbani tunaitana “injinia” kirahisi sana. Bodi ya Wahandisi nchini, EBK, husajili mhandisi mhitimu na mhandisi mtaalamu katika ngazi tofauti. Andika ngazi yako kama ilivyo kwenye cheti, pamoja na nambari. Saudi Arabia ina baraza lake linalohakiki sifa za wahandisi, na nchini Kanada jina lenyewe la mhandisi linalindwa na sheria za mikoa. Cheo ulichojiongezea kwenye barua kitakutana na cheti chako mbele ya mhakiki, na aibu itakuwa yako.

Mwisho, punguza heshima za barua ya chifu. Tumefunzwa kuanza kwa taadhima, kumtakia msomaji afya njema, kisha kuomba kwa unyenyekevu mkubwa. Zikigeuzwa Kiingereza, salamu hizo hula aya nzima ya kwanza. Anza na jina la kazi, nambari ya tangazo, na sababu moja inayokufanya uifae. Barua nzima isizidi ukurasa mmoja.

Ukimaliza, mpe mtu mliyefanya naye kazi kwenye saiti hiyo aisome. Mwambie aweke alama kila mahali anapotaka kuuliza “nani?”, “ngapi?” au “ikawaje?” Pia aweke alama popote anapocheka kwa sababu anajua haikuwa hivyo. Rekebisha alama zote, hasa zile za kicheko, ndipo utume.