Kuisoma Picha ya Mashine ya Kukandia Unga

Muuzaji akikuletea picha ya mashine iliyotumika ya kukandia unga, tazama kwanza bakuli. Ukiona nguzo ya chuma imesimama katikati yake, na kando ya nguzo mkono mnene uliojipinda, hiyo ni mashine ya mkate. Bakuli lenyewe huzunguka. Ukiona bakuli limeshikwa pembeni na vyuma viwili, na juu yake kichwa kinachobadilishwa vifaa, hiyo ni ya kazi nyingi, keki zikiwemo. Hilo bakuli halizunguki, na unga mgumu huumudu kwa kiasi kidogo.

Tuchukue familia ikandayo kilo 10 za unga kwa mkupuo mmoja. Imeletewa picha ya mashine ya aina ya pili, imeandikwa B20, na muuzaji asema ni “ya kilo 20”. Hiyo 20 ni lita za bakuli. Unga mkavu wa mkate itachukua takriban kilo 5 tu. Ikizidishiwa, gia hulika na mota huungua.

Kisha omba picha ya karibu ya kibao cha maelezo kilichobandikwa ubavuni. Volti 220 hadi 240 ni umeme wa kawaida wa nyumbani. Volti 380 hadi 415 ni umeme wa fezi tatu, ambao huenda ukalipia kuunganishiwa upya. Kibao kikiwa kimebanduliwa, usitoe fedha kabla fundi umeme hajasoma kibao cha mota yenyewe, na mashine haijakanda unga mbele yako.