Kosa Ndilo Humfichua Mnakili

Wanafunzi wangu huniuliza mwajiri atajuaje kwamba maandishi yamenakiliwa. Naam, maneno sahihi hayamfichui mtu. Kosa ndilo humfichua. Barua mbili za kuomba kazi zenye kosa lilelile la ajabu la tahajia zina chanzo kimoja. Chukua pia ripoti ya Februari 2025 inayotaja mauzo ya tarehe 29. Februari hiyo ilikuwa na siku 28. Tarehe hiyo yaelekea ilitoka katika ripoti ya 2024. Mwajiri atamtaka mwandishi aeleze hesabu zake bila karatasi. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi kosa lake kwa lugha anayoielewa, na amsikilize kabla ya kumfuta. Lakini atajitetea kwa lipi, ilhali maneno si yake?