Mtihani wa kesi: anza na fedha

Watahiniwa wengi wa menejimenti huikabili kesi wasiyoijua kwa jedwali walilokariri la nguvu, udhaifu, fursa na vitisho. Hulijaza bila kugusa hesabu. Kwa maoni yetu, mzunguko wa fedha ndio wa kuandaliwa kwanza.

Tuseme kesi ni ya duka la jumla lenye faida. Bidhaa hukaa ghalani siku 60, wateja wa mkopo hulipa baada ya siku 45, na duka humlipa mwenye kiwanda baada ya siku 30. Pengo ni siku 75. Ikiwa bidhaa zinazouzwa kwa siku ziligharimu shilingi 200,000, pengo hilo hula takriban milioni 15. Tawi jipya, ambalo jedwali lingeliita fursa, litalipanua. Anayelipendekeza aonyeshe fedha zitatoka wapi.