Mutu wa SS asiulize tu "Kazi gani?", aulize pia "Choo iko wapi?"



Kila mwaka, matokeo ya Egzameni ya Leta ikishatoka, familia inakaa na mutoto na kumuuliza: sasa utafanya nini? Kwetu, siku ile ilikuwa nzito, sababu mudogo wangu wa kike iko SS. Baba alikata neno: "Huyu tumutafutie kazi ya kukaa." Wote tukaitika, hata mimi. Leo naandika juu tulikosea, na naona familia nyingi zinakosea vile vile.

Inchi yetu ni kati ya zile zenye kuzaa watoto wengi zaidi wa drepanositozi duniani, pamoja na Nijeria na Uhindi. Mutu wa AS anabebaka tu alama ya ugonjwa, na kwa kawaida iko muzima. Wa SS alipata S kwa baba na S kwa mama. Damu yake ikikosa maji ao oksijeni, chembe nyekundu zinajipinda sawa mundu, zinakwama mu mishipa midogo, na maumivu ya mifupa inaanza. Ile ndio krizi. Tena chembe zake zinaishi siku 10 mpaka 20 tu, wakati za mutu mwingine zinafika karibu siku 120. Kwa hiyo uchovu wake haiko uvivu.

Krizi inaletwa na vitu vyenye kujulikana: kukosa maji, baridi, joto kali, homa, kukosa usingizi, na kufanya nguvu kupita kiasi. Angalia ile orodha vizuri. "Kazi ya kukaa" inaondoa kitu kimoja tu, cha mwisho. Ile mingine yote inaweza kumukuta mutu akiwa amekaa kwa kiti.

Na ndivyo ilitufikia. Baba alimufungulia kibanda cha kutuma makuta kwa telefone, kando ya barabara. Kazi nyepesi, tulisema. Meza, kiti, mwamvuli. Lakini kwa miezi minne alipata krizi sita, wakati zamani alikuwa anapitisha miezi miwili ao mitatu bila hata moja. Mama akaanza kusema ni maneno ya watu. Mimi nikanunua kaye, tukaanza kuandika: kila krizi, na siku tatu zenye zilitangulia. Alikunywa chupa ngapi? Alilala saa ngapi? Mvua ilimupata?

Kaye ilisema wazi. Krizi ine kati ya sita zilikuja nyuma ya siku zenye hakumaliza hata litre moja. Nikamuuliza: dada, juu ya nini haukunywe? Akanyamaza, kisha akasema: "Yaya, pale hakuna choo. Nikienda mbali, nani atabakia na makuta?"

Watu wengi hawajui jambo hili. Figo za mutu wa SS hazishike maji vizuri. Anakojoa mingi, usiku na muchana, na ile maji anapashwa kuirudisha. Wanganga wanaomba mutu mukubwa anywe karibu litre tatu kwa siku. Ukimuweka pahali hakuna choo, umemufundisha kutokunywa. Ongeza baridi ya asubui ya Goma na mvua yenye kupita chini ya mwamvuli: ile kiti ilikuwa inamugonjesha.

Basi maoni yangu ni haya. Kazi ya mutu wa SS tusiipime kwa jina wala kwa uzito wake. Tuipime kwa maulizo ine. Maji na choo viko karibu? Anakingwa na mvua, baridi na joto? Usiku analala? Na ya ine, yenye kusahaulika: akilala kitandani siku tano, kazi itamungoja ao itakufa?

Kwa maulizo hayo, kazi ya motari inaanguka mara moja: mvua, upepo, na siku bila kutoka ni siku bila kula. Kuchimba mu kariere ni mbaya zaidi, sababu kule ndani joto iko na hewa ni kidogo. Kulinda usiku, hapana. Kibanda cha makuta kinaweza kufaa, lakini ndani ya nyumba ya biashara yenye choo, na wakiwa watu wawili wa kupokezana.

Kazi zenye kukubali ni zile zenye kuwa na tarehe ya kutoa, haiko saa ya kuonekana tu. Mushonaji mwenye kupewa juma mbili kwa robe moja anaweza kupoteza siku tatu na bado atoe kwa wakati, bora asikubali komande zote za Bonane. Kutengeneza telefone, kutafsiri, kuandika data kwa ordinatere, kushika vitabu vya hesabu vya maduka madogo: vyote vinaweza kungoja kidogo. Ualimu uko katikati. Saa zake ni za muchana, lakini mwalimu anasimama sana, na kama hakuna wa kumushikia darasa, atafundisha akiwa na maumivu.

Fikiri pia miaka kumi mbele. Kwa watu wengi wa SS, kichwa cha mufupa wa paja kinakosa damu na kinakufa polepole. Utajua kwa maumivu ya kiuno ao ya kinena yenye haiishe na krizi, yenye inazidi ukitembea. Usingoje, omba radio. Mushonaji wa mashini ya miguu atapashwa kwenda kwa ile ya umeme. Macho pia ipimwe kila mwaka, zaidi kwa mwenye kazi yake yote ni skrini ao sindano.

Kuko dawa yenye inabadilisha hesabu hii: hidroksiyurea. Inapunguza krizi kwa wengi, na mutu anaweza kukubali kazi yenye zamani ingemushinda. Lakini inamezwa kila siku, damu inapimwa mara kwa mara, na mwenye kutaka mimba aongee kwanza na munganga. Gharama yake iingie mu hesabu ya mushahara: kazi yenye hailipe dawa haijakufaa.

Dada yangu leo iko mu duka la dawa, karibu na nyumba. Alisoma kazi ile, anashika stoki na kuuzisha muchana. Choo iko, chupa ya maji iko chini ya meza, mwenzake anamushikia akigonjwa. Miezi nane imepita, krizi mbili. Hakupona. Anakoholewa na wagonjwa kila siku, na homa ikifika 38,5 tunakimbia hospitali, usiku ao muchana.

Kwa wakubwa wa kazi: toka tarehe 3 mwezi wa tano 2022, inchi iko na sheria ya kulinda haki za watu wenye kuishi na ulemavu. Lakini mwenye ugonjwa wa damu hana gongo, hana kiti cha magurudumu, na munamuita muvivu. Hatuombe huruma. Tunaomba mulango wa choo wenye kufunguka, chupa ya maji kwa meza, zamu ya muchana, na siku tano za kitanda bila kufukuzwa.

Na wewe mwenye SS: nunua kaye ya franga mia tano. Andika. Ile kaye itakuambia kazi yako kuliko baba, kuliko mimi.