CHUKUENI HESABU ZENU KABLA YA KUTOKA



Wanachama wetu wanaopokea simu za wateja wana shida ambayo seremala hana. Seremala akiacha kazi, meza aliyoitengeneza yaonekana. Mpokeaji simu akiachishwa, kazi yake yote hubaki ndani ya kompyuta ya tajiri, na pengine nywila yake imekwisha fungwa kabla hajafika mlangoni. Basi huenda kuomba kazi kwingine na wasifu usemao kwamba yeye ni hodari, mwaminifu, tena hachelewi. Maneno hayo kila mwombaji anayo.

Wengine huandika namba, lakini namba zisizowezekana. Tumtwae mtu aandikaye kwamba alipokea simu 120 kwa siku, na kila simu ilimchukua dakika 5, yaani kuzungumza, kumngojesha mteja na kuandika maelezo baadaye, ile namba inayoonekana katika skrini kwa herufi AHT. Zamu ni saa 8, ndizo dakika 480. Ondoa saa moja ya chakula na nusu saa ya chai, zabaki 390. Simu haziji mfululizo. Tuseme ana simu mkononi kwa sehemu 85 katika 100 za wakati huo, yaani dakika 331 hivi. Gawanya kwa 5, utapata simu 66. Zile 120 zataka dakika 600! Msimamizi anayeijua kazi huifanya hesabu hiyo kichwani, na karatasi huwekwa kando. Lakini simu 66 zikiandikwa pamoja na dakika zake ni ushahidi, maana zile dakika ndizo zinazozishuhudia simu.

Jambo la alama za ubora ndilo linaloumiza watu zaidi. Mtu apokeaye simu 66 kwa siku kwa siku 22 amepokea 1,452 kwa mwezi. Tuseme wasikilizaji wamechagua 8 tu. Saba akapata alama 95. Katika ya nane alisahau kumhakiki mteja kabla ya kumwambia habari za akaunti, na mahali pengi kosa hilo peke yake huifanya simu nzima sifuri. Wastani wake ni 83, na ikiwa alama ya kupita ni 85, ameanguka kwa simu moja. Kwa hiyo asiandike alama za mwezi mmoja, zikiwa nzuri au mbaya. Aandike wastani wa miezi 6, na aseme ni simu 48 zilizosikilizwa, na alama ya kupita ilikuwa ngapi. Alama 92 pasipo habari hizo haimwambii msomaji kitu.

Lugha ziandikwe kwa kazi iliyofanywa. Kujua Kisomali nyumbani ni jambo moja. Kumweleza mteja mwenye hasira kwa Kisomali kwa nini pesa zake zimekwama ni jambo jingine. Sema: katika simu 10, 7 kwa Kiswahili, 2 kwa Kiingereza, 1 kwa Kisomali, na ujumbe wa kuandika kwa Kiingereza tu.

Kuhusu zamu, sema ulipangiwa ngapi, ukafika ngapi, na ngapi zilikuwa za usiku. Hapa watu wetu hujionea wenyewe. Mtu alipangiwa zamu 132, akakosa 3, na 2 kati ya hizo alikuwa mgonjwa akiwa na cheti cha daktari. Likizo ya ugonjwa imo katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, si utoro. Aziondoe mbili hizo, aandike kwamba katika zamu 130 alifika 129.

Wazee wetu walibeba kipande, na aliyeandika ndani yake alikuwa tajiri. Leo waandika mwenyewe, lakini kitabu cha hesabu bado kiko kwake. Kifungu cha 51 cha sheria hiyo ya 2007 chamlazimu kukupa cheti cha utumishi ukiondoka, ikiwa umefanya kazi majuma manne mfululizo au zaidi. Cheti hicho huonyesha tarehe na aina ya kazi. Sifa za utendaji wako halazimiki kuziandika. Hapo ndipo wengi hudanganyika, wakidhani cheti kitawasemea.

Basi kila mwisho wa mwezi, nakili namba zako tano sita katika daftari lako. Ni namba zako tu: jina la mteja, simu yake au picha ya skrini yake visitoke mlangoni, maana hayo yaweza kukufukuzisha kwa haki. Na ikiwa umekwisha toka bila daftari, mwandikie tajiri barua ukitaja kifungu cha 26 cha Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kinachompa mtu haki ya kuona habari zake zilizowekwa na mwingine. Taja miezi unayoitaka, uombe alama zako na orodha ya zamu zako, na ubaki na nakala ya barua.