Remble juu ya udongo laini: kwa nini nyumba inaendelea kushuka hata kisha miaka kumi

Mu miji yetu ya mine, viwanja vya fasi kavu vimeisha ao vimekuwa bei kali. Sasa watu wananunua mu dembo. Muuzaji analeta malori ya lateriti, anamwaga, anapitisha kompakteri, kisha anaonyesha uwanja: mwekundu, mgumu, unalingana sawa meza. Baba anaweka pale pesa ya dekonti yote. Mwaka wa kwanza nyumba ni nzuri. Mwaka wa pili mlango unakataa kufunga. Mwaka wa tatu ufa unatoka kwenye kona ya dirisha na kupanda mpaka juu. Watu wanasema fundi aliiba sima. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi sima haina kosa, na hata lateriti haina kosa. Kosa liko chini ya lateriti, mu udongo laini ambao hakuna mtu aliyeuangalia.

Jambo hili si la maskini peke yao. Wajapani, wenye pesa na mainjenieri wengi, walijenga uwanja wa ndege wa Kansai juu ya kisiwa walichokitengeneza wenyewe mu bahari ya Osaka. Kazi ilianza mwaka wa 1987, na ndege zikaanza kutua mu 1994. Mpaka leo kisiwa kile kingali kinashuka. Tangu kazi ianze kimekwisha kushuka zaidi ya metre 10. Tunataka kueleza namna gani, juu ya ile ya Kansai na ile ya uwanja wa mu dembo ni jambo moja.

Udongo wa mfinyanzi ulio laini una vipande vidogo sana, na kati ya vipande vile mumejaa mayi. Mara nyingi mayi yanachukua nusu ya nafasi yote, ao zaidi. Ukiweka mzigo juu, mayi hayawezi kubanwa, na njia za kutokea ni nyembamba mno. Kwa hiyo siku ya kwanza mzigo unabebwa na mayi, si na udongo. Mayi yanasukumwa, yanatafuta njia, yanatoka polepole sana. Kila tone likitoka, vipande vya udongo vinakaribiana kidogo na kuchukua sehemu ya mzigo. Kule kukaribiana njo kushuka kwa nyumba. Kazi inakwisha siku ile mayi yameacha kusukumwa na udongo umebeba mzigo wote. Aliyeeleza hesabu yake ni injenieri Karl Terzaghi, aliyefanya majaribio yake kule Istanbul na kutoa kitabu mu 1925.

Mchanga pia una mayi, lakini njia zake ni pana. Ukiweka mzigo juu ya mchanga, mayi yanatoka palepale na kushuka kunakwisha wakati fundi angali anajenga. Udongo wa mfinyanzi njo unachelewesha, na deni lake linalipwa na mwenye kuishi ndani ya nyumba.

Tufanye hesabu ya uwanja mmoja wa mfano. Chini kuna metre 4 za udongo laini, na chini yake jiwe ambalo halipitishi mayi. Juu tunamwaga metre 2 za lateriti. Kila metre ya remble ina uzito wa tani 2 hivi kwa metre moja ya mraba, kwa hiyo tumeweka tani 4 kwenye kila metre ya mraba. Kwa udongo laini wa kawaida, mzigo ule unaweza kuleta kushuka kwa santimetre 16 mpaka mwisho. Mayi yanaweza kutoka upande wa juu tu, kwa hiyo tone la chini kabisa lina safari ya metre 4. Kama udongo unapitisha mayi polepole, vile inavyopatikana mara nyingi mu laboratwari, mwaka wa kwanza uwanja utashuka santimetre 4 ao 5. Nusu ya kazi, santimetre 8, itakwisha kisha miaka 3. Ili kufika sehemu 9 juu ya 10, itapita miaka 13 na nusu.

Angalieni vizuri. Mtu aliyengojea mwaka mmoja kabla ya kujenga anafikiri amekuwa na busara, lakini santimetre zaidi ya 11 zingali mbele yake. Na hatujahesabu uzito wa nyumba yenyewe.

Unene wa udongo unabadilisha muda kuliko watu wanavyofikiri. Safari ya mayi ikiongezeka mara mbili, muda unaongezeka mara nne. Kama udongo ni wa metre 8 pahali pa 4, ile miaka 13 inakuwa zaidi ya 50. Lakini kama chini ya zile metre 4 kuna mchanga pahali pa jiwe, mayi yanatoka juu na chini, safari inakatwa nusu, na kazi inakwisha mu miaka 3 na kidogo. Njo maana majirani wawili, remble moja, fundi mmoja, mmoja anapona na mwingine analia.

Sasa turudi Kansai. Pale mayi ya bahari yalikuwa na kina cha metre 18 hivi. Walimwaga mawe na udongo zaidi ya metre 30, mzigo unaopita tani 40 kwa metre ya mraba. Chini ya bahari kulikuwa tabaka la kwanza la udongo laini, metre 20 hivi. Mainjenieri walijua ile hesabu ya safari ya mayi. Kwa hiyo walichoma ndani yake nguzo za mchanga karibu milioni moja, zikikaribiana metre chache tu. Tone la mayi halikuhitaji tena kupanda metre 20. Lilikwenda pembeni metre moja hivi na kukuta mchanga. Tabaka lile lilimaliza kushuka kwake kabla uwanja haujafunguliwa. Ile sehemu ya kazi ilifaulu.

Taabu ilitoka chini zaidi. Chini ya tabaka lile kuna udongo mwingine wa zamani, mamia ya metre, wenye kubadilishana na mchanga. Kule nguzo hazikuweza kufika. Udongo ule ulionekana mgumu, lakini mzigo wa kisiwa ulikuwa mkubwa hata kwake, na ulishuka kuliko ilivyohesabiwa. Mwaka wa kufungua, kisiwa kilikuwa kinashuka santimetre 50 hivi kwa mwaka. Siku hizi ni santimetre 6 hivi. Mwendo unapungua, haujasimama. Nyumba ya abiria ilijengwa juu ya nguzo zenye kriki: upande mmoja ukishuka kuliko mwingine, wanainua nguzo na kuweka sahani za chuma chini yake. Tarehe 4 Septemba 2018 tufani ilileta bahari mpaka juu ya uwanja, na kushuka kule kulikuwa kumepunguza kimo cha ulinzi.

Ona kwamba Wajapani hawakuzuia kushuka. Walikuharakisha pale walipoweza, na pale waliposhindwa walijenga nyumba inayoweza kunyooshwa. Nyumba yetu ya matofali haina kriki.

Tena, kushuka peke yake hakuvunji nyumba. Nyumba nzima ikishuka santimetre 10 sawasawa, utaona tu ngazi ya mlango imekuwa fupi. Kinachovunja ni upande mmoja kushuka na mwingine kubaki. Hii njo hatari ya ukingo wa dembo, fasi mtu anapoweka vyumba viwili juu ya udongo mgumu wa zamani na chumba cha tatu juu ya remble. Ni hatari pia kuongeza chumba pembeni ya nyumba iliyokwisha kutulia: chumba kipya kinaanza safari yake kutoka sifuri na kuvuta ukuta wa zamani.

Watu wanategemea kompakteri. Kompakteri inashindilia lateriti, tabaka la santimetre 20 ao 30 kila mara, na ile ni kazi ya lazima. Lakini haigusi udongo wa mfinyanzi ulio metre 2 chini. Kosa lingine ni la mwenye nyumba mwenyewe: uwanja umeshuka, anamwaga tena lateriti ili kulinganisha. Ile lateriti mpya ni mzigo mpya, na kushuka kunapata nguvu tena.

Dawa iko, lakini inataka muda. Mu mfano wetu, tungemwaga metre 4 pahali pa 2, udongo ungeshuka zile santimetre 16 mu miaka 3 na kidogo. Kisha tunaondoa metre 2 za juu na kujenga. Pamoja na nguzo za mchanga, ni miezi. Lakini hapa wafanyakazi wa mine wanajua hatari: mzigo mkubwa ukiwekwa mbiombio, mayi yanabeba yote, udongo unakosa nguvu na kuteleza pembeni. Ni sababu ile ile digi ya bwawa la rejé inapandishwa tabaka kwa tabaka, na kupimwa mayi yaliyo chini yake.

Kwa mwenye nyumba iliyokwisha kupasuka, kipimo ni rahisi. Paka plasta kidogo juu ya ufa, andika tarehe. Chukua tiyo ya plastiki inayoonyesha, ijaze mayi, ulinganishe alama za kona nne za nyumba kila miezi mitatu. Kama tofauti inaongezeka lakini kila mwaka kidogo kuliko mwaka uliopita, ni udongo unaotoa mayi yake: ngojea ipungue kabla ya kutengeneza. Kama ufa unafunguka wakati wa jua na kufunga wakati wa mvua, ni udongo unaovimba, na dawa yake ni nyingine. Lakini kama sakafu inatoa sauti ao shimo linafunguka ghafla, hasa mu fasi kama Kasulo kule Kolwezi ambako watu wamechimba chini ya nyumba, usipime kitu. Toa watoto inje.

Na kwa wale wanaopewa viwanja vipya na kampuni ao kununua kwa mkopo, tunaona maswali mawili yatangulie sahihi. Udongo laini chini ya remble una metre ngapi, nani alitoboa kuangalia? Na remble ilimwagwa tarehe gani, imeshuka santimetre ngapi mpaka leo? Muuzaji aliyepima ana karatasi yenye tarehe na namba. Asiyekuwa nayo, hata kama uwanja wake unalingana sawa meza, anauza kitu ambacho yeye mwenyewe hajui.